Barua kwa mwanangu: maji ya wazee kule Chandod

Mwanangu,

Uliniuliza kwa simu ufanye nini ukifika Chandod, kule Gujarat, India, nikakujibu nusunusu kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Heri nikuandikie. Baba yako hakukufundisha tarpan, kuwamwagia maji wazee, kwa vitendo, na hata angetaka asingeweza: ambaye baba yake yu hai hawamwagii maji wazee wa ukoo, zamu ni ya baba. Sasa mwaka wa kwanza wa msiba umepita na zamu imekuwa yako. Mimi nilikuwa nikisimama pembeni kumshikia lota, chombo cha maji, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona.

Tuanze na siku. Pitru Paksha, siku za wazee, huangukia ile nusu ya mwezi inayoelekea giza, Septemba au Oktoba. Usifuate tarehe ya cheti cha kifo. Fuata siku ya mwezi: baba yako alituacha siku ya saba, satam, basi siku yake ni ya saba ndani ya nusu hiyo. Gor, yaani kuhani, atakuhakikishia kwenye kalenda yake. Ikikupita, usihangaike, siku ya mwisho, amavasya, ni ya wazee wote.

Pale Chandod mto Narmada unakutana na Orsang, na watu huhesabu wa tatu, Sarasvati usioonekana, ndiyo maana pakaitwa makutano matatu. Ngazi za mawe zinashuka mpaka majini. Kumbuka tu kwamba bwawa la Sardar Sarovar liko juu ya mto huohuo, na wakifungua milango mwishoni mwa masika ya kule, ngazi za chini humezwa. Maji yakiwa yamepanda, usishuke kwa ushujaa. Sheria inakuruhusu: mwenye nguo mbichi husimama mtoni na kumwaga mtoni, mwenye nguo kavu hukaa ngazini na kumwagia kwenye sahani ya shaba. Chombo kiwe cha shaba au fedha, kisiwe cha chuma.

Ufuta uwe mweusi, na uwe mbichi, haujakaangwa. Huu wetu wa Lindi ni mweupe, mzuri kwa kashata lakini si kwa kazi hii. Huko dukani sema kala tal, robo kilo inakutosha na kubaki. Vitabu vyetu vinasema ufuta ulitoka kwenye jasho la Vishnu, na kwamba maji yenye ufuta hayafikiwi na wale wanaotaka kumpokonya marehemu fungu lake. Nunua na majani ya kusha. Gor atakusokotea pete ya jani hilo, uivae kidole cha pete cha mkono wa kulia.

Kabla ya maji yoyote kuna nia, sankalp, na hapa ndipo watu wanapoharakishwa. Unakinga maji kidogo kwenye kiganja cha kulia. Gor anataja nchi, mto, mwezi na siku, kisha ananyamaza ili wewe useme ukoo wako, jina lako, na kwamba unatoa maji haya ili wazee wako watosheke. Halafu unayaachia. Ukiona gor amekimbia bila kukuachia nafasi ya kutaja jina lako, mwombe arudie. Wapo wanaopachika hapo maombi ya biashara na ya visa. Baba yako hakuwa akipenda, nami sipendi: ni siku ya kuwapa, si ya kuwadai.

Sasa mikono. Miungu wanatangulia: uso mashariki, kitambaa bega la kushoto, maji yenye punje za mchele yanatoka kwenye ncha za vidole, mara moja kwa kila jina. Wanafuata marishi, wahenga watakatifu: uso kaskazini, kitambaa kinaning'inia shingoni kama shada, shayiri badala ya mchele, maji yanatokea upande wa kidole kidogo, mara mbili. Sisi hatuvai uzi mtakatifu, kwa hiyo kitambaa cha pamba ndicho kinachoshika nafasi yake.

Kwa wazee kila kitu kinageuka. Kitambaa kinahamia bega la kulia, goti la kushoto linaelekea chini, uso unatazama kusini. Usikisie kusini kwa mkondo wa mto, mto hupinda. Asubuhi jua liwe mkono wako wa kushoto. Unganisha viganja, chota maji, tia chembe za ufuta, kisha inamisha mikono upande wa kulia ili maji yapite kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakidondokea kwenye ncha za vidole, umewapa miungu kwa mara ya pili na wazee wanangoja.

Maneno ya baba yako ni haya, na yanarudiwa mara tatu, kila mara na kiganja chake cha maji:

“Kashyapa-gotraha asmat-pita (jina lake) vasu-rupaha tripyatam, idam satilam jalam, tasmai svadha namaha.”

Maana yake: baba yetu wa ukoo wa Kashyapa, aliye sasa kwa sura ya Vasu, mmoja wa miungu, atosheke; maji haya yenye ufuta ni yake. Jina silitaji hapa. Sikuwahi kulitamka akiwa hai, na wewe unalijua. Kwa babu yako sema pitamaha na rudra-rupaha, kwa baba wa babu prapitamaha na aditya-rupaha. Kila mmoja mara tatu. Kisha wanawake, na hapa kuwa macho: bibi yako mzaa baba yu hai, anakunywa chai yake hapa sebuleni. Gor asiyejua atamtaja tu kwa mazoea. Mruke, anza na mama wa babu yako. Ukifika kwa baba yangu na mama yangu, ukoo ni mwingine, si Kashyapa. Kuwaita kwa ukoo wa baba yako ni kosa linalosikika kila mwaka pale ngazini, na hakuna anayeligundua kwa sababu kila mtu anafuatisha tu.

Baada ya hao, wataje wajomba, mashangazi, walimu na marafiki waliotangulia. Halafu lipo fungu ninalolipenda kuliko yote. Ukishatoka majini, chukua kile kitambaa kilicholowa, kikiwa bado upande wa kulia, ukikamue juu ya ardhi kavu. Hayo maji ya kukamua ni ya waliozaliwa katika ukoo wetu wakafa bila watoto. Maneno yake: “Ye ke chasmat kule jata aputra gotrino mritaha, te grihnantu maya dattam vastra-nishpidanodakam.” Baba mdogo wa babu yako alikuja Dar kijana, akafanya kazi dukani kwa watu, akafa hajaoa. Hakuna anayemtaja popote. Kwa hiyo usikamue kitambaa mapema kwa sababu ya baridi, kama nilivyoona vijana wengi wakifanya. Ukishakikamua kabla ya zamu yao, hawa hawana kingine.

Halafu rudisha kitambaa bega la kushoto, geukia mashariki, mpe jua maji, umalize. Ufuta uliobaki uachie mtoni. Gor mpe dakshina, malipo yake ya shukrani, uliyokubaliana naye kabla ya kuanza, si baada.

Majina yote nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, ya upande wangu yakiwa na ukoo wake pembeni. Mkabidhi gor kabla hujavua viatu, na mwambie ayasome kwa sauti mara moja mbele yako.

Mama