Theluthi mbili kwa wiki 20 au mshahara mzima kwa miezi mitatu: nitie sahihi wapi?

Mpendwa Mhariri,

Nina ujauzito wa miezi saba, na ninaandaa ankara katika kampuni ya usambazaji hapa Nairobi, upande wa Viwandani. Afisa wa wafanyakazi amenikabidhi fomu ya likizo ya uzazi yenye mipango miwili, nami nahitajika kuirudisha ikiwa na sahihi kabla ya mwezi kuisha. Naomba wasomaji wanaojua mambo ya mishahara, na hasa akina mama waliowahi kupitia njia hii, wanishauri.

Mshahara wangu kabla ya makato ni Sh52,000 kwa mwezi. Mpango wa kwanza ni miezi mitatu nyumbani kwa mshahara mzima, yaani Sh156,000 kwa jumla. Mpango wa pili ni wiki 20 kwa theluthi mbili ya mshahara, na karatasi ya hesabu iliyoambatishwa inasema jumla yake ni Sh173,333. Ukiisoma karatasi hiyo, mpango wa pili unavutia sana. Unapata wiki saba zaidi na mtoto, na bado unapata Sh17,333 zaidi. Wenzangu wengi wa ofisini wameuchagua huo, na afisa mwenyewe alinishauri niuchukue.

Nilikaa na karatasi ile jioni moja nikaanza kuuliza hiyo Sh173,333 ilitoka wapi. Nilichoona ni kwamba aliyeiandaa aligawanya mshahara wa mwezi kwa wiki nne, akapata Sh13,000 kwa wiki. Theluthi mbili ya hizo ni Sh8,667 hivi, na ukizidisha kwa wiki 20 unafika kwenye Sh173,333 zao. Lakini mwezi hauna wiki nne kamili, isipokuwa Februari ya siku 28. Ukichukua Sh13,000 kwa wiki ukazizidisha kwa wiki 52 za mwaka, unapata Sh676,000, na hiyo ni mishahara 13. Hakuna anayenilipa mishahara 13 kwa mwaka. Njia iliyo sawa ni kuanzia na mshahara wa mwaka mzima, Sh624,000, kisha kuugawanya kwa 52. Jibu ni Sh12,000 kwa wiki. Theluthi mbili yake ni Sh8,000, na wiki 20 zinaleta Sh160,000.

Kwa hiyo Sh13,333 za karatasi ile hazipo popote, na najua hazitalipwa, kwa sababu idara ya mishahara hailipi kwa wiki. Inalipa mwishoni mwa mwezi, na theluthi mbili ya mwezi ni Sh34,667. Mwenzangu wa bohari aliyechukua mpango huu mwaka jana, mwenye mshahara kama wangu, alinionyesha stakabadhi zake, na kila mwezi kamili alipata hizo Sh34,667 kabla ya makato. Kama karatasi ingekuwa kweli, angepata zaidi ya Sh37,500. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningemwomba yeyote aliyepewa fomu kama hii alitazame: chukua jumla uliyoahidiwa, uigawanye kwa idadi ya wiki, uzidishe kwa 52, kisha ugawanye kwa 12. Ukipata kitu kinachozidi sehemu ya mshahara uliyoambiwa, ujue mtu amehesabu mwezi kuwa wiki nne.

Sasa turudi kwenye uamuzi wenyewe, kwa hesabu iliyonyooka. Miezi mitatu ni wiki 13, na wiki 13 kwa Sh12,000 ni Sh156,000. Wiki 20 kwa Sh8,000 ni Sh160,000. Tofauti ni Sh4,000 tu. Maana yake ni kwamba wiki saba za nyongeza nalipwa Sh4,000 zote kwa pamoja, ambazo hazifiki hata Sh600 kwa wiki. Zile Sh8,000 nitakazopokea katika wiki ya 14 hadi ya 20 zimetolewa karibu zote kwenye wiki zangu 13 za mwanzo, ambazo ningelipwa kikamilifu. Nikichukua mpango wa kwanza kisha nirudi kazini, mwisho wa wiki ya 20 nitakuwa nimepata Sh240,000. Nikichukua wa pili nitakuwa na Sh160,000. Kukaa nyumbani wiki saba zaidi kunanigharimu Sh80,000 za mshahara.

Sisemi wiki saba na mtoto mchanga hazistahili gharama hiyo. Kwangu mimi zinastahili sana. Huyu ni mtoto wangu wa kwanza, mama yangu yuko mbali, Busia, na sitaki kumkabidhi mtoto wa miezi mitatu kwa mtu nisiyemjua vizuri. Ninachotaka ni kujua bei yake kabla sijatia sahihi, na wenzangu wote waliotia sahihi waliambiwa ni faida.

Lipo pia suala la mwezi hadi mwezi, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Kwa viwango vya mwaka wa 2025, nikilipwa Sh52,000 hukatwa NSSF asilimia sita, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5, kisha PAYE kwenye kinachobaki. Mkononi hunibakia karibu Sh40,286. Nikilipwa Sh34,667, makato hayo hupungua, na kodi hupungua zaidi kuliko vingine, maana kiasi kilichokuwa kikitozwa asilimia 30 hakipo tena. Hapo nabakiwa na Sh29,335. Ukiangalia kwa makini, hiyo ni karibu asilimia 73 ya ninachozoea kupata, si theluthi mbili. Kwa hilo mpango wa pili si mbaya kama mshahara wenyewe unavyoonyesha, na nimeona niliseme ili nisiuonee.

Lakini mkopo wangu wa chama cha akiba na mikopo haupungui. Sh9,500 hukatwa kila mwezi hata mshahara uwe nini. Kodi ya nyumba Umoja ni Sh16,000. Kwa mshahara mzima, baada ya hayo mawili nabakiwa na Sh14,786 za chakula, stima, maji na mambo ya mtoto. Kwa theluthi mbili nabakiwa na Sh3,835. Mume wangu ni fundi wa vyuma Kariobangi. Anajituma, lakini kuna miezi kazi hukauka kabisa, na hatuwezi kuitegemea kwa kitu kisichosubiri kama kliniki ya mtoto.

Hapo ndipo nilipofungua Sheria ya Uajiri ya mwaka wa 2007. Kifungu cha 29 kinasema mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Kifungu cha 3 kinasema masharti ya sheria hiyo ndiyo kiwango cha chini kabisa, na kwamba makubaliano yoyote ya kuyaacha au kuyabadilisha ni batili. Kwa ninavyosoma mimi, kampuni inaweza kuniongezea wiki na kunilipa sehemu ya mshahara katika wiki hizo za ziada, lakini haiwezi kushusha malipo ya miezi mitatu ya mwanzo. Chini ya mpango wa pili, katika miezi hiyo mitatu nitapokea Sh104,000 badala ya Sh156,000. Sh52,000, mshahara wangu wa mwezi mzima, zinaahirishwa ili nilipwe baadaye, kana kwamba ni nyongeza.

Nilimuuliza afisa kuhusu hili kwa upole. Akanijibu, "Dada, hakuna anayelazimishwa, ni wewe unayechagua." Nimefikiri sana juu ya jibu hilo. Naona haliwezi kusimama ikiwa sheria yenyewe inasema chaguo la aina hiyo ni batili, lakini mimi si wakili, na sitaki kuanza vita na ofisi wiki chache kabla ya kujifungua.

Nimefikiria kupeleka pendekezo la tatu kwa maandishi. Kampuni inilipe mshahara mzima kwa wiki 13, Sh156,000, kama sheria inavyotaka. Kisha, kwa kuwa karatasi yao wenyewe iliahidi Sh173,333, zile Sh17,333 zilizobaki zigawanywe kwa wiki saba za ziada. Hiyo ni karibu Sh2,476 kwa wiki, kama moja ya tano ya mshahara wangu. Ni kidogo, lakini nitakuwa nimeshaweka akiba katika miezi mitatu ya mwanzo. Wakikataa na kusema takwimu ile ilikosewa, basi ninaweza kutumia likizo yangu ya mwaka. Sheria inanipa angalau siku 21 za kazi kwa malipo kamili, na likizo ya uzazi haizipunguzi. Kwa wiki ya siku tano, hizo ni wiki nne na siku moja. Nitafika wiki ya 17 nikiwa na mshahara wangu mzima, na wiki tatu zitakazobaki, ukiondoa siku hiyo moja, nitaomba bila malipo. Najua siku hizo 21 ni zangu katika mpango wowote, kwa hiyo sizihesabu kama pesa mpya, na Desemba sitakuwa na siku za kwenda nyumbani. Kinachonipa moyo ni kwamba kifungu hichohicho cha 29 kinasema likizo ya uzazi ikiongezwa, au ikifuatwa na likizo nyingine kwa ridhaa ya mwajiri, huhesabiwa kuisha siku ya mwisho ya nyongeza hiyo. Nafasi yangu ya kazi inalindwa hadi siku hiyo.

Maswali yangu ni haya. Je, kuna aliyewahi kumwomba mwajiri mshahara mzima kwanza na sehemu ya mshahara baadaye, akakubaliwa, na aliandika barua yake vipi ili isisomeke kama mashtaka? Je, nitaje kifungu cha sheria katika barua ya kwanza, au nianze na kosa la wiki nne peke yake na kuacha sheria hadi watakapokataa? Na wenzangu ambao tayari wako nyumbani kwa theluthi mbili, je, bado wanaweza kudai sehemu iliyopungua ya miezi mitatu ya mwanzo, au sahihi zao zinawafunga? Hili la mwisho linanigusa kama la kwangu, kwa sababu mmoja wao alijifungua mwezi uliopita na tayari amekopa.

Fomu ninayo bado, sijaandika chochote juu yake.

Mama mtarajiwa,
Umoja, Nairobi