Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpango wa Tovuti ya Chama

Ndugu wanachama,

Jambo lililoishughulisha zaidi kamati mwaka huu ni mpango wa tovuti mpya, nami nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa ndilo mtakalolipigia kura leo.

Kwenye tovuti ya zamani, namba ya kupokelea michango ilikuwa ya mweka hazina aliyemaliza muda wake. Fedha alizikabidhi zote, lakini ujumbe wa muamala ulionyesha jina na kiasi tu, bila kueleza kama mtoaji alikusudia kisima au ada za wanafunzi. Mweka hazina wa sasa alilazimika kukaa na daftari jioni, akiwapigia watu simu mmoja mmoja.

Katika tovuti mpya, mchangiaji atachagua mradi kwanza, kisha ataandika kiasi na namba yake ya simu. Ombi la malipo litamfikia kwenye simu, naye atalithibitisha hukohuko kwa namba yake ya siri, ambayo tovuti haitaiuliza kamwe. Kila ombi litabeba kumbukumbu namba yenye alama ya mradi, mathalani `KISIMA-0147`.

Hapa pana kosa ambalo tumelikataa mapema, nalo ni ukurasa kutoa shukrani mara tu ombi linapotumwa, ilhali mtoaji huenda hana salio la kutosha au hajabonyeza. Mchango utasomeka "unasubiriwa" hadi uthibitisho wa mtandao wa simu ufike, na uthibitisho ukiletwa mara mbili kwa kumbukumbu namba ileile utahesabiwa mara moja. Kwa kuwa uthibitisho nao hupotea njiani, kila Jumatatu mweka hazina atalinganisha orodha ya tovuti na taarifa ya akaunti. Akikuta shilingi 50,000 zimeingia kwenye akaunti na tovuti bado inazisubiri, atazirekebisha na kuweka saini yake.

Alama hiyohiyo ya mradi ndiyo itakayofungua ripoti yake, yenye fedha zilizopokewa, zilizotumika na zilizobaki. Mradi ukikaa miezi mitatu bila ripoti mpya, kitufe chake cha kuchangia kitajifunga. Wajumbe wawili waliona sharti hili ni kali, lakini mimi naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu aliyetoa fedha zake ana haki ya kuona zilikokwenda kabla hatujamwomba tena.

Fomu ya kujitolea itauliza jina, simu, wilaya na siku mtu anazopatikana, basi. Namba ya kitambulisho cha taifa tumeiondoa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka tukusanye kinacholingana na kusudi letu tu. Fomu haitafunguliwa kabla hatujasajiliwa na Tume inayosimamia sheria hiyo.

Anwani ya tovuti, inayoishia na `.or.tz`, itaandikishwa kwa jina la chama, wala si la fundi, na nywila zake zitashikwa na katibu pamoja na mweka hazina.

Kamati inaomba idhini yenu ianze na ukurasa wa kisima peke yake.