Nani analia jikoni?

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mama goti linamsumbua lakini anajikongoja mpaka dukani. Mtoto wa Bi Tatu amefaulu, bila shaka umeshasikia kwa vigelegele vilivyopigwa. Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Sikununa. Uliponirudishia muswada wa riwaya yangu, katika ukurasa wa 112 ulikuwa umeandika kwa penseli "Nani analia jikoni?", na chini yake "Zaina? Salma? Bibi?" Niliona vibaya kukuandikia kabla sijapata jibu, na jibu lilinichelewesha kuliko nilivyotegemea.

Analia bibi. Lakini wewe ulikuwa na haki ya kutojua, na nitakuonyesha kwa nini. Sentensi zenyewe zilikuwa hivi:

"Alimtazama akikoroga uji, akajua kuwa ameshaambiwa. Hakumwuliza kitu. Alimpokea mwiko, akageukia ukutani, akalia."

Mimi niliyeandika nilikuwa namwona Salma amesimama mlangoni. Wewe msomaji ulikuwa na a- tupu, na jikoni mna wanawake watatu. Lugha yetu haituambii hata kama huyo a- ni mwanamke au mwanamume, sembuse ni mwanamke yupi. Katika hadithi ya mtu mmoja hilo halisumbui, kwa sababu a- anayerudiarudia ni yuleyule. Katika riwaya ya ukoo, ambamo kila sura ina mtu wake anayeangalia, a- wa kwanza wa sura ni mlango usio na namba. Msomaji anabisha wowote anaoudhani, na akishaingia nyumba siyo, kurasa tatu zitapita kabla hajagundua.

Nimeiandika upya hivi:

"Salma alisikia mwiko ukigonga sufuria kabla hajafika mlangoni, akajua mama mkwe ameshaambiwa. Hakumwuliza kitu. Alimpokea mwiko, na mama mkwe akageukia ukutani, akalia."

Angalia mambo mawili tu. Jina la mwenye sura ndilo la kwanza, na kitenzi chake ni cha ndani: alisikia, akajua. Mtu wa nje anaweza kuona kwamba Salma amesimama, lakini hawezi kuona kwamba amejua. Kwa hiyo sentensi ya kwanza imeshakukalisha ndani ya kichwa cha Salma. La pili ni hilo neno "mama mkwe". Katika nyumba nzima ni Salma peke yake anayemwita bibi hivyo.

Hili la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa furaha kwanza, halafu kwa kazi. Nilichukua daftari nikachora mistari: upande mmoja wale wanne wanaoangalia, upande mwingine watu wote wa nyumba, na kila kisanduku nikaandika anavyomwita. Bibi huyo, Bi Mwanaisha, kwa Zaina ni mama, kwa Salma ni mama mkwe, kwa Hamadi ni bibi. Mzee ni baba, baba mkwe, babu, na kwa Bi Mwanaisha mwenyewe ni "baba Idi", maana hajawahi kumtaja mumewe kwa jina. Unaona tulicho nacho mkononi? Mtu akimwita mzee "babu" katika mstari wa pili, hakuna haja ya kumwambia msomaji kwamba sasa tunaangalia na Hamadi. Na ubaya wake ni huohuo: katika sura ya Salma niliponyokwa mara moja nikaandika "mama alikohoa", na kwa neno hilo moja msomaji amehamishiwa kwa Zaina bila mimi kutaka. Nimepitia muswada mzima kwa kalamu nyekundu natafuta "mama" peke yake, na nimezikuta nyingi.

Kuna mtego humo ambao wewe utaupenda. Zaina anamwita Salma wifi, na Salma anamwita Zaina wifi. Neno linakwenda na kurudi, kwa hiyo halisemi nani anaangalia. Shemeji ni vivyo hivyo. Palipo na mawifi wawili katika chumba kimoja nimelazimika kutumia majina, hata kama masikio yangu yanataka wifi. Na Hamadi naye: bibi yake anamwita "mume wangu", kama mabibi wote. Msomaji wa kwanza niliyempa sura hiyo aliniuliza Bi Mwanaisha ameolewa tena lini! Nilicheka mpaka machozi, lakini nilirekebisha. Utani ule sasa unakuja baada ya Hamadi kuitwa mjukuu angalau mara moja katika ukurasa huo.

Ulinishauri niweke majina juu ya sura, na nimeweka: "Salma. Tanga, 1967." Jina, mahali, mwaka, basi. Mwanzoni niliona ni kama kukiri kushindwa, kwamba sauti zikiwa tofauti vya kutosha jina halihitajiki. Nimeacha kuona hivyo. William Faulkner ana riwaya ya 1930 kuhusu familia inayosafirisha maiti ya mama yao. Ina wasimulizi 15 katika sura 59, kila mmoja anasema "mimi", na hakuna sura isiyo na jina la msemaji juu yake. Kama yeye, mwenye kusifiwa kwa sauti, aliona msomaji apewe jina, nani mimi nimnyime? Ila nimejifunza kwamba kichwa peke yake hakitoshi. Watu wanaruka vichwa, hasa wanaosoma kwa simu. Kichwa ni kibao cha njia, lakini aya ya kwanza ndiyo njia yenyewe. Kwa hiyo nafunika kichwa kwa kiganja, nasoma aya ya kwanza, na kama simjui mwenye sura, aya imeanguka.

Kwa jaribio hilo sura kumi na moja kati ya ishirini na saba zilianguka. Nyingi zilikuwa zinaanza na mvua.

Sasa nirudi jikoni, kwa sababu sura ile ya msiba ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini nahitaji macho manne na siyo mawili. Mzee amefariki. Wanaume wanachukua jeneza kwenda makaburini, wanawake wanabaki nyumbani. Kwa hiyo kaburi siwezi kulionyesha kwa jicho la Salma wala la Zaina, hawapo. Mimi nilikuwa nimempa Zaina sura nzima, na alipofika kaburini nikamfanya "aone" udongo ukimwagwa. Wewe hukuandika kitu pale, lakini mama yako angeniuliza mara moja: huyu alifika vipi huko? Nimelihamishia kaburi kwa Hamadi, ana miaka tisa, ameshikwa mkono na baba yake, haoni ila miguu ya watu na majembe. Halafu bibi anaingia eda, miezi minne na siku kumi, na ndani ya siku hizo mwanawe Idi anauza shamba la minazi. Bi Mwanaisha hawezi kuiona hati ikitiwa saini. Anaweza tu kusikia kutoka chumbani sauti za wanaume barazani na vikombe vya kahawa. Ile sura nilikuwa nimempa Idi. Nimempa bibi. Haoni chochote na ndiyo sura iliyonitoka vizuri kuliko zote. Mila yenyewe inakuambia nani anaweza kuwepo wapi, na mahali anapokosekana mtu ndipo pa kubadilisha jicho.

Kanuni yangu ilikuwa jicho moja kwa sura moja. Nimeivunja katika msiba tu, kwa sababu nyumba na kaburi vinatokea saa ileile. Pale nimeacha mstari mtupu, nikaweka nyota tatu katikati, na baada ya nyota sentensi ya kwanza inaanza na "Hamadi". Nimeifanya mara moja tu katika sura hiyo. Nilijaribu kurudi jikoni na tena kaburini, ikawa kama mtu anayefungua na kufunga pazia, nikaifuta.

Kidogo kingine, ambacho hukukitaja lakini nimekigundua nikiwa natafuta hizo "mama". Kuja na kwenda. Hamadi yuko barazani, nami nimeandika "shangazi alikuja jikoni". Hapana, kwa aliye barazani shangazi alikwenda jikoni. "Alikuja" inamweka msomaji jikoni, na aliye jikoni ni Salma. Hapa na pale, huyu na yule, ni vivyo hivyo. Ni vitu vidogo, msomaji hatavitaja kwa jina, ataona tu kwamba amepotea kidogo na hajui wapi. Nadhani ulipofika ukurasa wa 112 ulikuwa umeshachoshwa na hivi tangu ukurasa wa 90. Au nakosea?

Lililobaki ni Hamadi kusema "mimi". Sura yake ya mwisho ni ya 1985, ameshakuwa mtu mzima, na nimemwacha asimulie mwenyewe wakati wengine wote wanasimuliwa. Nahisi inafaa, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na sanduku la bibi na karatasi zake. Lakini sura zake za utotoni ziko katika a-, na sijui kama msomaji atakubali a- wa jana awe mimi wa leo bila kushtuka. Mwalimu anasema niandike zote kwa mimi. Nikifanya hivyo, yule mtoto wa miaka tisa ataanza kujua mambo ya mtu mzima, na kaburi la miguu na majembe litakufa. Kila nikiifikiria narudi palepale.

Nina ombi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Nimechapa ukurasa wa kwanza wa kila sura, ishirini na saba, bila vichwa, nimezichanganya. Nimezitia kwenye bahasha pamoja na kanga ya mama yako. Zinafika na basi la Ijumaa, kijana wa kituoni anakujua. Soma kila ukurasa mara moja tu, andika pembeni jina la unayedhani anaangalia na neno lililokuambia. Ukisita zaidi ya mstari wa tatu, weka alama ya kuuliza. Usinionee huruma.

Na uniambie: bibi yako alipokaa eda, mlikuwa mkimpelekea habari za nje au mlimficha? Nani alikuwa anaingia chumbani kwake? Yeye babu yako alimwitaje, kwa jina au kwa mtoto? Ulishasikia mtu wa Tanga akimwita mama mkwe "mama" tu, tangu siku ya harusi? Kwa maana kama wapo, Salma wangu ana matatizo tena. Na lile jino, limetulia?

Msalimie Mama Tatu na watoto wote.

Wako akupendaye,
M.