Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Umoja wetu: zawadi ya kidato cha sita iwe mfuko, si jengo

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam. Nilikuwa ukumbini siku ya mahafali ulipopanga mbele ya wazazi zawadi mbili ambazo darasa linaloondoka lingeweza kuiachia shule: maktaba mpya au mfuko wa ufadhili. Ulisema ahadi zilizotolewa na wazazi pamoja na sisi tuliosoma hapo zimefika shilingi milioni 60. Kisha ukatupigia hesabu. Ukichukua laki tatu kwa kila mwanafunzi, fedha hizo zitawafaa wanafunzi 200 na kwisha, ilhali maktaba itabaki miaka 50 ikiwa na jina la darasa ukutani. Watu walipiga makofi, na kamati sasa inatafuta fundi. Naomba usikilize hoja yangu kabla shimo la msingi halijachimbwa.

Hesabu yako iliufanya mfuko uonekane kama chakula cha sherehe kinacholiwa siku moja. Mfuko wa namna hiyo upo, lakini si huo ninaouombea. Mfuko unaodumu hauguswi mtaji wake. Unawekwa mahali pa kuzaa, na wanafunzi wanasaidiwa kwa kile kinachozaliwa tu.

Tuanze na fedha yenyewe. Ahadi za mahafali hazifiki zote mfukoni, wewe na mimi tunalijua hilo, kwa hiyo tuchukulie tutakusanya milioni 40. Jengo litazimeza hata kabla ya kukamilika. Nenda karibu wilaya yoyote uone maboma yaliyosimama kwenye lenta miaka nenda rudi, nyasi zimeota ndani, yanasubiri fedha za kupaulia. Mfuko hauna tatizo hilo. Milioni 40 ikipatikana inaanza kazi kama milioni 40, na ahadi ikilipwa mwakani inaongezewa hapo hapo.

Sasa tuipeleke kwenye hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani mkopo tunaoipa Serikali kwa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Riba hubadilika kutoka mnada hadi mnada, lakini ukishanunua, yako haibadiliki mpaka hatifungani iive. Kwa mfano tu, tuseme tumepata asilimia 12. Hiyo ni milioni 4.8 kwa mwaka, inayolipwa kwa awamu mbili, kila baada ya miezi sita. Hatutaigawa yote. Mfumuko wa bei wa nchi yetu miaka ya karibuni umekuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo milioni 1.2 inarudi kwenye mtaji ili milioni 40 ya leo isije ikawa kitu kidogo miaka 20 ijayo. Zinabaki milioni 3.6 za kutumia. Kwa kiwango chako cha laki tatu, ni wanafunzi 12 kila mwaka. Katika mwaka wa 17 tunapita wale 200 wako, na mtaji bado upo.

Nakiri kwamba 12 ni wachache mbele ya shule nzima. Ndiyo maana kuwachagua kunahitaji umakini, na hapo hotuba yako iliniacha na wasiwasi mwingine. Ulisema ufadhili ni wa kulipa ada. Ndugu Mwenyekiti, ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za umma ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2022/23. Kinachomzuia mtoto leo ni vitu vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Kijana anapangiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, fomu inataka godoro, shuka, chandarua, ndoo, sare pea mbili, viatu vyeusi, rimu ya karatasi na michango, na juu ya yote nauli ya basi la safari ya siku nzima. Asiporipoti ndani ya muda uliotangazwa, nafasi yake inaweza kupewa mwingine, na hakuna atakayemwandika kwamba alishindwa kwa sababu ya godoro.

Kwa hiyo fedha lazima ziwe tayari wakati orodha ya waliopangwa inapotoka, wiki chache tu kabla ya kuripoti. Riba ya hatifungani ina miezi yake, haisubiri kalenda yetu. Ikiingia Novemba, iwekwe kwenye mfuko wa ukwasi wa uwekezaji wa pamoja, ambako inaongezeka kidogo na inatolewa kwa siku chache, mpaka orodha itoke. Mkuu wa shule awapigie simu walio kwenye orodha, na mtendaji wa kijiji athibitishe hali ya familia. Vitu vinunuliwe na vimsubiri mtoto bwenini, nauli itumwe kwa simu ya mzazi. Ufadhili unaofika Septemba unamkuta aliyekwisha kuripoti. Yule tuliyemkusudia yuko kwao analima.

Nirudi kwenye maktaba, kwa sababu naipenda na sitaki ionekane naipinga. Shule yetu tayari ina chumba cha maktaba. Nilikiomba kifunguliwe asubuhi ile ya mahafali. Ufunguo anao mwalimu ambaye ana vipindi karibu kila siku, kwa hiyo kufuli linafunguka akipata nafasi. Rafu zimejaa vitabu vya mtaala uliopita vikiwa vimefungwa kwa kamba, na meza za kusomea zimebebeshwa mitihani ya zamani na viti vilivyovunjika miguu. Kinachokosekana pale si kuta. Ni mtu wa kukaa mlangoni kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, na vitabu vinavyofuata mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa 2024. Jengo jipya litarithi kufuli lile lile, na kuongezea bili ya umeme na paa la kutunza, gharama ambazo hotuba yako haikuzitaja hata moja.

Ukiona wazazi watasikitika kukosa maktaba kabisa, igawe ile milioni 3.6. Mkutubi wa nusu siku kwa shilingi 150,000 kwa mwezi ni milioni 1.8 kwa mwaka, na chumba kilichopo kitafunguliwa kila alasiri. Nusu iliyobaki inawaleta shuleni watoto sita. Mimi ningeanza na watoto wote 12, maana asiyefika shuleni hana maktaba ya kuingia, lakini mgawo huo naweza kuutetea mbele ya mzazi yeyote.

Hatari kubwa ya mfuko ni sisi wenyewe. Jengo haliwezi kuhamishwa kwa saini mbili, fedha zinaweza. Ndiyo maana zisikae kwenye akaunti ya Umoja ambayo wewe, katibu na mweka hazina mnaiendesha, hata kama nawaamini. Tuunde bodi ya wadhamini na kuisajili RITA chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, hatifungani ziandikwe kwa jina la bodi, na katiba iseme wazi kwamba mtaji hautolewi kwa dharura yoyote, hata choo kikibomoka. Mkuu wa shule awe na kiti, asiwe na saini. Kila mahafali, karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: kilichoingia, kilichotoka, mtaji uliopo. Mwaka ambao karatasi hiyo haitabandikwa, wahitimu wawe na haki ya kuitisha mkutano.

Kamati inakutana mwisho wa mwezi huu. Naomba uondoe ajenda ya fundi na uweke ya wadhamini, na uwaandikie wazazi kwamba ulinganisho wa siku ile ulikuwa wa mfuko unaoliwa mtaji. Rasimu ya katiba ya mfuko ninayo, nitaileta kwako siku utakayonipangia.

Wako katika kuijenga shule yetu,

Mwanachama wa Umoja, mweka hazina wa zamani

Nakala: Mkuu wa Shule, Bodi ya Shule, wazazi wa kidato cha sita