Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mitaala: kuku wa darasa la nne

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, Kyambogo, Uganda.

Mheshimiwa, salamu kutoka Bombo. Nafundisha darasa la nne, mwaka ambao mtoto anatakiwa kuiacha lugha ya eneo na kuhamia Kiingereza. Tangu 2007 mtaala wenu umeagiza darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo tu, na la nne liwe la kuvukia. Sina ugomvi na ile miaka mitatu. Ugomvi wangu ni huo mwaka mmoja wa kuvuka.

Muhula uliopita nilimpa msichana wa miaka kumi kifungu cha Kiingereza chenye sentensi isemayo kuku amekaa juu ya mayai yake. Aliisoma bila kukwama hata mara moja. Nikamwuliza kuku anafanya nini. Akarudia sentensi ileile, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Kesho yake nikampa jambo hilohilo kwa Kiganda: Enkoko emaamidde amagi. Hapo alisoma kwa kusuasua, akakwama kwenye neno la pili, akarudi nyuma, akalipata. Kisha, bila kuulizwa, akaniambia kuku huyo asiguswe maana ni mkali, na vifaranga vitatoka wiki ya tatu. Hayo hayakuandikwa kwenye karatasi. Aliyatoa nyumbani kwao, na neno la kuatamia ndilo lililomfungulia mlango.

Mkaguzi aliyepita na saa mkononi akihesabu maneno kwa dakika angempa alama nzuri siku ya kwanza na mbaya siku ya pili.

Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Gough na Tunmer waliliweka jambo hili kwa njia fupi:

R = D × C

R ni kusoma kwa kuelewa, D ni uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na C ni kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Alama ya kuzidisha ndiyo yenye uzito. Tuseme, kwa mfano tu na kwa kipimo cha 0 hadi 1, msichana wangu kwa Kiingereza ana D ya 0.9 na C ya 0.2: anapata 0.18. Kwa Kiganda ana D ya 0.6 na C ya 0.9: anapata 0.54. Nikimkaririsha Kiingereza hadi D ifike 1, atafika 0.20 basi. Na C ya Kiingereza haiwezi kukua vya kutosha kwa vipindi vya miaka mitatu kwa mtoto ambaye akitoka getini hakisikii tena.

Sasa nisije nikaonekana nadhani lugha ya mama inatosha peke yake. Kule Lango, kaskazini mwa nchi, watafiti Kerwin na Thornton walipima mpango wa kufundisha kusoma kwa Kilango katika darasa la kwanza. Shule zilizopata mpango kamili, wenye mafunzo ya karibu kwa walimu na vifaa vyote, zilipanda sana katika kusoma. Shule zilizopewa toleo la bei nafuu, lililopunguza usaidizi na kuondoa vitu kama vibao vya kuandikia na saa za ukutani, zilipata kidogo mno, na katika baadhi ya vipengele vya kuandika watoto wao walifanya vibaya kuliko wale ambao hawakupewa mpango wowote. Lugha ilikuwa ileile. Kilichopungua ni mkono wa kumsaidia mwalimu.

Naamini matokeo hayo kwa sababu nayaona hapa. Kwa Kiganda okuta ni kuachia na okutta ni kuua. Tofauti ni herufi moja iliyorudiwa. Mwalimu aliyejifunza kusoma kwa Kiingereza huipita tofauti hiyo bila kuisemea, na mtoto hubaki akibahatisha.

Kuna pia mpaka ambao siwezi kuuficha. Bombo ni mji wa Wanubi na wa wanajeshi. Darasani nina watoto ambao kwao ni Kinubi, wengine Kiswahili, na Kiganda wamekiokota uwanjani. Kwao lugha ya eneo nayo ina C ya kukopa, ingawa si ndogo kama ya Kiingereza. Shule jirani zenye mchanganyiko kama wetu hukimbilia Kiingereza tangu darasa la kwanza, eti ndiyo haki kwa wote. Ni haki ya kuwakosesha wote sawasawa.

Ninayoomba ni mawili. Kipindi cha kusoma na kuandika kwa lugha ya eneo kiendelee darasa la nne na la tano, Kiingereza kikijengwa kando yake kwa mdomo kwanza. Wazazi watalalamika, kwa kuwa mtihani wa darasa la saba ni wa Kiingereza. Nitawaonyesha hesabu ile ya kuzidisha. Pili, fomu ya ukaguzi iwe na maswali ya ufahamu kwa lugha zote mbili, na angalau moja liwe la jambo ambalo kifungu hakikulisema waziwazi.

Kifungu cha kuku ninacho kwa lugha zote mbili. Mkaguzi wenu akija, aanze na hicho, na saa aiache mfukoni.

Mwalimu wa darasa la nne, Bombo