Mwanangu kazaliwa Tanga: ni raia wa kuzaliwa au wa kusajiliwa?

Kwako Wakili mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Kisauni, riziki yangu ni mahamri na mbaazi asubuhi. Nina kijana wa kiume ambaye mpaka leo hana kitambulisho, na kila ninayemuuliza ananijibu lake. Nitakueleza tangu mwanzo, maana nimegundua jambo hili linageuka kwa tarehe moja tu au jina moja tu.

Nilizaliwa Mombasa mwaka 1973. Baba yangu mzaliwa wa Mombasa, babu yangu vilevile. Mama yangu alitoka Pemba. Mwaka 1997 niliolewa na Mtanzania wa Muheza, nikahamia Tanga, na tarehe 14 Machi 1999 nikajifungua mtoto huyu katika hospitali ya huko. Ndoa haikudumu. Mwaka 2004 nilirudi kwetu, mtoto ana miaka mitano, tukavuka Horohoro na Lungalunga ndani ya basi, yeye kanilalia mapajani. Hakuna aliyemuuliza karatasi, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza. Amesoma hapa msingi mpaka kidato cha nne, na sasa ni fundi wa friji. Kazi anaitiwa, lakini kila kampuni inataka kitambulisho kwanza.

Tulipokwenda kuomba, kijana wa ofisini aliangalia cheti cha Tanga na kunirudishia.

"Mama, huyu hakuzaliwa Kenya. Si raia wa kuzaliwa. Mwambie aombe kusajiliwa, akiwa amekaa miaka saba."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni Mkenya, na nimemzaa mimi."

"Umemzalia wapi?"

Basi hapo ndipo tulipokwama, na ndipo walipokwama wengi ninaowajua. Neno "kuzaliwa" linatuchanganya. Mtu akisikia "raia wa kuzaliwa" anadhani ni mahali ulipokatiwa kitovu. Karani mmoja wa mawakili, ambaye hunywa chai kwangu, aliniletea Katiba ya 2010 kwa Kiswahili, nikaisoma Kifungu cha 14 mara tatu. Kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku anazaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au hakuzaliwa Kenya. Yaani ardhi haiulizwi, anayeulizwa ni mzazi.

Na kinyume chake nakiona hapa mtaani. Jirani yangu na mumewe wote ni Watanzania, walikuja kufanya biashara ya dagaa. Binti yao kazaliwa Makadara na cheti cha kuzaliwa cha Kenya anacho. Kwa ile hesabu ya kijana wa ofisini, yule ndiye Mkenya na wangu ndiye mgeni! Lakini cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mtoto kazaliwa wapi na nani kamzaa. Hakimpi mtoto uraia ambao wazazi wake hawana.

Karani akanionya lakini kwamba nisishangilie mapema, kwa sababu mwanangu kazaliwa 1999, na Katiba iliyokuwapo wakati huo ilikuwa nyingine. Katika ile ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya baada ya uhuru alichukua uraia wa baba tu. Mama Mkenya akizalia ng'ambo na mgeni, mtoto si Mkenya. (Ndugu zangu wa kiume waliozalia Uarabuni na wanawake wa huko hawakupata shida hii hata siku moja.) Kwa hivyo ile Machi 1999 mwanangu kweli hakuwa Mkenya, na aliyenikatalia pengine anakumbuka sheria hiyo. Ila Katiba mpya iliyoanza tarehe 27 Agosti 2010 imerudi nyuma kumchukua. Kifungu hichohicho cha 14 kinaendelea kusema kwamba hukumu hiyo inawahusu pia waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo, ndani au nje ya Kenya, ikiwa mama au baba ni raia au alikuwa raia. Mtoto alikuwa na miaka 11 akicheza mpira uwanjani, akawa raia wa kuzaliwa bila ya mimi kujua.

Yapo maneno mengine katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 7. Yanasema aliyezaliwa nje ya Kenya ni raia wa kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja ni, au alikuwa, raia *wa kuzaliwa*. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Maana yake ningekuwa mimi mwenyewe nimeupata uraia kwa kusajiliwa, tuseme kwa ndoa, kisha nikaenda kuzalia Tanga, mwanangu asingeurithi kwa njia hii. Ikabidi nijitazame mimi kabla ya kumtazama yeye. Baba yangu alizaliwa hapa na mzazi wake alizaliwa hapa, kwa hivyo tarehe 12 Desemba 1963 aliamka Mkenya bila kuomba. Nami nikazaliwa naye akiwa raia. Kwamba mama yangu alitoka Pemba hakudhuru, kwani mzazi mmoja anatosha. Na miaka yangu yote saba ya Tanga sikuchukua uraia wa Tanzania, pasipoti yangu ilikuwa ya Kenya. Cheti changu ninacho, na kitambulisho cha marehemu baba tumekipata ndani ya kasha la nyanya yangu, kimeliwa na mende pembeni lakini namba inasomeka.

Sasa nije kwenye ushauri niliopewa, nao ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni huo wa ofisini, kwamba akubali tu kuomba kusajiliwa ili mambo yaishe. Nikauliza usajili wenyewe unataka nini. Unataka miaka saba mfululizo ya kuishi Kenya kihalali, kwa kibali, na pia uwe unajua Kiswahili au lugha nyingine ya hapa. Kiswahili anacho, labda wampime kwa mtihani wa tarabu! Kibali ndicho hana. Aliingia akiwa mtoto wa miaka mitano amelala. Akijaza fomu kama mgeni anayeomba uraia, si atakuwa amekiri kwa mkono wake kwamba ameishi zaidi ya miaka 20 bila ruhusa? Na hata wakimpa, uraia wa kusajiliwa unaweza kufutwa kwa makosa ambayo raia wa kuzaliwa hafutiwi nayo. Halafu yeye naye kesho akizalia mtoto nje na mke mgeni, kile kifungu cha 7 kitamfungia mjukuu wangu mlango. Mimi naona ni kumnunulia mtu nguo yake mwenyewe, tena ya kubana.

Wa pili ni wa broka mmoja anayezungukazunguka karibu na maofisi. Anataka shilingi 15,000 atoe cheti cha Mombasa cha kuandikishwa kwa kuchelewa, kiseme kwamba mtoto kazaliwa nyumbani Kisauni kwa mkunga. Majirani zangu wawili wameniambia nikubali. Sitaki kujifanya mwema, Wakili, siku moja nilizitoa pesa nikazihesabu. Kilichonizuia si hofu ya kushtakiwa pekee. Ni kwamba uongo huo utampa kitu ambacho ukweli umeshampa, na utamnyang'anya kitu kingine. Akiwa na vyeti viwili vya mahali pawili, kipi kitaaminika siku ya kudai haki ya baba yake?

Maana baba yake alifariki mwaka jana, na ameacha shamba la michungwa Muheza. Ndugu zake wa baba ni watu wazuri, wamemwita kwenye mirathi. Kaka yake mkubwa alimpigia simu akamwambia, "Njoo uchukue fungu lako, mkataa kwao mtumwa." Lakini Tanzania asiye raia hamilikishwi ardhi kama raia. Na wakati Kenya inaruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine, Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Aliyezaliwa na uraia wa huko na akawa na mwingine, akifika miaka 18 anatakiwa aukane huo mwingine, la sivyo Utanzania wake unakoma. Mwanangu alitimiza miaka 18 Machi 2017. Hakukana kitu, kwa sababu hakujua ana kitu cha kukana.

Lipo na jambo dogo ambalo naogopa litakuwa ndilo kubwa. Kwenye cheti cha Tanga jina langu ni la maneno mawili, na la kwanza limefupishwa kama walivyokuwa wakiniita wakwe. Kitambulisho changu kina majina matatu kamili. Kijana wa ofisini hakuliona, lakini atakayefuata ataliona, na uraia wote wa mtoto huyu unapitia kwenye jina hilo.

Kwa hayo nakuomba unijibu haya:

Je, nirudi palepale na Katiba mkononi, au nianzie Idara ya Uhamiaji athibitishwe kwanza kuwa raia wa kuzaliwa, ndipo akaombe kitambulisho? Na nikikataliwa tena, nina haki ya kudai nikataliwe kwa maandishi?

Kuhusu jina langu, kiapo mbele ya wakili hapa Mombasa kinatosha, au lazima cheti kirekebishwe hukohuko Tanzania kilikotoka?

Na la mwisho, ambalo hata karani alinyamaza nilipomuuliza. Kama Katiba ya Kenya ilimfanya raia bila yeye kuomba, je, Tanzania itahesabu kwamba alipoteza uraia wake mwaka 2017, au mpaka siku atakapochukua kitambulisho cha Kenya? Kikao cha mirathi ni baada ya Idi. Nataka kujua kama aende Muheza kabla ya kuchukua kitambulisho, au kama kwenda kwanza hakutabadilisha lolote.

Ni mimi,
Mama wa Kisauni, Mombasa