YAH: Malalamiko kuhusu simu isiyoitikia sauti ikiwa imefungwa, na namna nilivyotendewa kwenye kaunta yenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, na namba ya risiti ninayo, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Simu niliyoinunua kwenu haiitikii "Hey Google", maneno ya kumwita mratibu wa sauti wa Google, inapokuwa imefungwa. Ikiwa skrini iko wazi, inaitikia. Nimekwisha kuwaeleza vijana wenu tofauti hiyo mara tatu, na mara ya tatu, badala ya kunisikiliza, fundi wenu alinigeuzia simu mbele ya wateja waliojaa kwenye foleni akaniambia, "Mzee, simu nzima, sauti yako ndiyo mbovu," kisha akanitaka niseme maneno yale kwa nguvu ili kila mtu asikie. Nilisema. Ulimi wangu ni mzito tangu nilipopata kiharusi, na mkono wa kulia haufanyi kazi. Watu wawili walicheka.

Naomba mfahamu kwamba suala la sauti nilikuwa nimelishughulikia kabla sijakanyaga ofisini kwenu. Sampuli ya kwanza ya sauti niliirekodi kabla ya kuugua, na niliporudi nyumbani kutoka hospitali nilielewa mwenyewe kwamba simu inamngoja mtu anayetamka kama nilivyokuwa nikitamka zamani. Nikaingia kwenye mipangilio ya Voice Match, nikafuta sampuli ile, nikaifunza simu upya kwa ulimi huu huu nilio nao sasa, chumbani, feni ikiwa imezimwa. Tangu siku hiyo, nikiita skrini ikiwa wazi, huitikia mara tisa kati ya kumi. Kama tatizo lingekuwa sauti yangu, isingeitikia hata hapo.

Maikrofoni nayo niliikagua. Nilijirekodi kwa kinasa sauti cha simu nikasikiliza, maneno yakatoka safi. Nikatazama swichi ya maikrofoni kwenye paneli inayoshushwa kutoka juu, ile ambayo ikizimwa programu zote hupata ukimya mtupu hata kama zina ruhusa, ilikuwa imewashwa. Nikaenda kwenye ruhusa za programu ya Google, maikrofoni imeruhusiwa, na nikigusa alama yake ndani ya programu ile, nukta ya kijani hutokea pembeni juu ya skrini kuonyesha kwamba inasikiliza. Yote haya nilimwambia fundi, pamoja na kwamba ruhusa ya kujibu na kutoa taarifa zangu simu ikiwa imefungwa nilikuwa nimeiwasha. Hakuandika hata moja kwenye fomu ya mapokezi. Aliandika maneno mawili tu: "Maikrofoni mbovu."

Jambo ambalo lilipaswa kumwonyesha ukweli ni hili. Simu ikiwa imefungwa na haiko kwenye chaji, nikiita mara kumi, haiitikii hata mara moja. Nikiichomeka kwenye chaji, bado imefungwa, bado mimi ndiye ninayeita kwa ulimi huu huu, inaitikia. Maikrofoni iliyokufa haifufuki kwa sababu ya waya wa chaji, wala ruhusa ya skrini iliyofungwa haibadiliki kwa kuchomeka waya. Kinachobadilika ni udhibiti wa betri. Kiokoa Betri nilikuwa nimekizima, maana najua kikiwashwa huzima "Hey Google", kwa hiyo nikatafuta zaidi na kukuta kwamba kidhibiti cha betri mlichokiweka ninyi wenyewe kwenye simu zenu kimeiweka programu ya Google kwenye kundi la programu zinazozuiwa kufanya kazi nyuma skrini inapofungwa. Nikaiondolea kizuizi hicho. Kwa siku mbili simu iliitikia kila nilipoita kutoka kitandani. Siku ya tatu likaja sasisho lenu la mfumo, nikakuta programu imerudishwa kwenye kizuizi, na hakuna tangazo lolote lililonijulisha.

Mmiliki wa mratibu huyo wa sauti simlaumu, maana programu yake inafanya kazi ikiachwa ifanye kazi. Nawalaumu ninyi.

Usiku baada ya sasisho hilo nilianguka bafuni saa tisa. Simu ilikuwa juu ya kigoda mlangoni, imefungwa, mbali na mkono wangu mzima. Niliita ili impigie binti yangu. Niliita mara sita. Nilikaa kwenye saruji yenye maji mpaka jirani alipotoka kwenda kuswali alfajiri akanisikia nikigonga ndoo. Asubuhi hiyo hiyo ndiyo niliyokuja kwenu kwa mara ya tatu, nikiwa bado na jeraha kwenye paji la uso, na huyo ndiye mtu ambaye fundi wenu alimsimamisha kwenye kaunta na kumwambia aseme tena, aseme kwa nguvu, "ili tusikie kama simu ina kosa." Mara ya kwanza nilisema, akatikisa kichwa. Akaniambia nirudie. Niliporudia, mate yakanitoka mdomoni, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanipa leso. Fundi hakusema samahani. Alisema, "Mnaona?" Aliwaambia wateja, hakuniambia mimi.

Kisha akaichukua simu, akaibadilisha maikrofoni ambayo sikuomba ibadilishwe, akafuta kila kitu kilichokuwa ndani bila kuniuliza, zikiwemo picha za marehemu mke wangu, akanitoza shilingi 45,000. Pamoja na picha, ilifutika sampuli ya sauti niliyoihangaikia kwa mkono mmoja, na ruhusa ya skrini iliyofungwa ikarudi ilivyokuwa kiwandani. Nililazimika kuanza upya yote. Nilipomaliza nikaifunga simu nikaita. Kimya. Nikaichomeka kwenye chaji nikaita. Ikaitikia, kama ilivyokuwa ikifanya kabla ya maikrofoni yenu mpya.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai shilingi 45,000 pekee. Nikikumbuka ile "Mnaona?", naona hazitoshi. Nataka fedha hizo zirudishwe, na maikrofoni yangu ya asili nikabidhiwe mkononi. Nataka barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na wewe Meneja, si na fundi. Nataka maelezo ya maandishi kutoka kwa watu wenu wa programu yatakayosema ni kwa nini sasisho linabadilisha uamuzi wa mwenye simu kuhusu betri, na ni lini mtaacha kufanya hivyo. Mkishindwa hilo la mwisho, basi chukueni simu yenu mnirudishie bei yote niliyolipa, kwa sababu kitu nilichokinunua ili kiniitikie nikiwa chini hakiniitikii.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila majibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti, fomu yenye yale maneno mawili, na video niliyorekodiwa na binti yangu inayoonyesha simu ikiwa kimya bila chaji na ikiitikia kwenye chaji. Kuhusu kufutwa kwa picha zangu bila ridhaa yangu, nitakwenda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yule mama aliyenipa leso amekubali kutoa ushahidi.

Wako,
Mteja wenu, Tanga